Dola za Ndila

Mwaka ule shilingi ilipokuwa ikianguka, Ndila alidhani kuna mtu anamwibia, na wakati huo hakukuwa na mtu aliyekuwa akimwibia. Alipoibiwa kweli alikuwa amelala usingizi mzuri kuliko siku zote za biashara yake.

Alikuwa na karakana ya mashine za kutotoa vifaranga, nje kidogo ya mji wa Machakos, upande wa kuelekea Katelembo. Fundi wake, Kilonzo, alikata mbao na mabati, akafunga nyaya na vidhibiti vya joto vilivyotoka China, Ndila akauza. Wateja wake hawakuwa wapita njia. Walikuwa wafugaji wa Masii, wa Kitui, wengine hata Bomet, waliokutana na tangazo kwenye simu, wakapiga kuuliza mayai mangapi yanaingia na umeme ukipotea itakuwaje, kisha wakatuma pesa na kungoja mashine kwenye ofisi ya vifurushi. Bila matangazo simu yake ilinyamaza. Alishawahi kuyasimamisha mwezi mzima ili kubana matumizi, na Kilonzo akaishia kufagia karakana safi.

Matangazo yalisimamiwa na Musili, mdogo wa mumewe. Musili alikuwa na ofisi ya chumba kimoja ghorofani mjini, na kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuwatangazia watu biashara zao mtandaoni. Hoteli moja, shule ya udereva, duka la simiti, na mashine za shemeji yake. Ndiye aliyeifungua akaunti ya matangazo ya Ndila, na ilipouliza itozwe kwa pesa gani akachagua dola, kama alivyowafanyia wateja wake wote. Ukishachagua umechagua, kubadilisha ni kufungua akaunti mpya na kuanza upya. Wakati huo dola haikufika shilingi mia moja na kumi na tano, na hakuna aliyeiwaza.

Mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu ndio uliowafundisha kuiwaza. Bajeti ilikuwa dola kumi na tano kwa siku, na haikuguswa. Lakini mwanzoni mwa mwaka mwezi mmoja wa matangazo ulikuwa ukimgharimu shilingi elfu hamsini na tano hivi, na kufika Novemba ulikuwa ukila elfu sabini. Matangazo yalikuwa yale yale, simu zilizopigwa ni zile zile, mashine zilizouzwa hazikuongezeka hata moja. Na bei ya mashine hangeweza kuipandisha kila wiki. Mfugaji wa Masii anauza mayai kwa shilingi na habari za dola hazimhusu. Ndila akaanza kumshuku kila mtu. Alishuku benki, akashuku kampuni ya matangazo, akamshuku hata Kilonzo bila sababu yoyote.

Musili ndiye aliyemtoa kwenye giza hilo. Alikuja nyumbani na laptopu yake, akakaa mezani, akamwonyesha taratibu, bila ile sauti ya kumfundisha mtoto ambayo vijana wa kompyuta huwa nayo. Akamwambia kosa lao lilikuwa kupanga bajeti kwa dola huku wakila kwa shilingi. Tangu siku hiyo walipatana kwamba kiwango cha mwezi kitawekwa kwa shilingi, halafu kila Jumatatu Musili atakigawa kwa bei ya dola ambayo benki inatoza kadi, wala si ile inayosomwa kwenye taarifa ya habari, kwa sababu benki huongeza lake juu. Shilingi ikianguka, dola za siku zinapungua, ikiinuka, zinaongezeka. Pia akaiwekea akaunti kikomo, ikifika hapo matangazo yanazimika yenyewe hata kama wote wamesahau. Na akasisitiza matangazo yawe na kadi yake peke yake, inayowekwa pesa za kazi hiyo tu, kosa lolote likitokea lisije likala pesa za mbao na mshahara wa fundi.

Ndila naye akaongeza lake. Alitaka kujua kila mashine iliyouzwa imekula shilingi ngapi za matangazo, na ikipita elfu moja na mia tano, wasimame wafikiri. Musili alicheka akamwambia, "Shem, wewe ungekuwa na ofisi yangu ningekosa kazi."

Waliteremka hadi dola kumi kwa siku, na mambo yakatulia. Ndiyo maana Ndila alimwamini. Musili alikuwa amemwokoa mara moja tayari.

Januari, dola ikapita mia moja na sitini. Sokoni, benki, kwenye kikundi cha akina mama kanisani, kila mtu alikuwa akitaja mia mbili kana kwamba ni basi linaloonekana likija. Ndila alifanya hesabu zake na kuona kwamba kwa mia mbili hakuna kikomo kitakachomsaidia. Kikomo kingemzuia kupoteza, lakini kingemfungia duka vilevile. Alikuwa amechukua mkopo wa Sacco wa kupanua karakana. Akaamua ukuta mpya usubiri, pesa hizo zinunue dola kwanza. Alitaka dola zake ziwe zimenunuliwa kabla hazijapanda tena, zikae mahali, zitumike kidogo kidogo.

Musili alisema wazo ni zuri. Yeye alikuwa na akaunti ya dola benki pamoja na kadi yake, hiyo hiyo angeiunganisha na matangazo. Ndila angefungua ya kwake baadaye, cheti cha biashara kikishahuishwa. Ndila akampa shilingi laki tatu na elfu themanini na nne. Kwa bei ya mia moja na sitini, hizo zilikuwa dola elfu mbili na mia nne: miezi minane ya matangazo, Februari mpaka Septemba.

Jioni ya siku iliyofuata Musili alimtumia ujumbe. "Zimeingia. Kuanzia leo usiangalie dola tena."

Naye hakuiangalia. Aliacha kusikiliza taarifa ya habari za biashara. Alirudi kuwaza mayai na joto, jinsi mashine itakavyovumilia umeme wa Kithimani unaokatika kila alasiri. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kufanya biashara bila kifua kubana.

Halafu, katikati ya Februari, shilingi ikageuka. Haikupanda polepole kama ilivyoshuka. Iliruka, na kila mtu akabaki akiulizana. Mwisho wa Machi dola ilikuwa imerudi kwenye mia na thelathini na kitu. Ndila alizisikia habari hizo kwenye redio ya Kilonzo. Alisimama na kipande cha bati mkononi, akatoa na kuzidisha kichwani, na kuona kwamba kama angengoja miezi miwili tu angebaki na shilingi elfu sabini, karibu ukuta mzima wa karakana.

Iliuma. Lakini alikaa nayo siku mbili tatu, akaona hana wa kumlaumu. Hakununua dola ili apate faida. Alinunua usalama, na usalama una bei. Kama dola ingekwenda mia mbili, watu wangemwita mwerevu. Haikwenda. Basi.

Jumapili ya wiki hiyo, baada ya misa, Musili alikuja kula mchana. Mumewe Ndila, Munyao, alikuwepo pia. Alikuwa mwalimu Kithimani na alirudi nyumbani mwisho wa juma. Musili alikuwa na uso mzito, hakula vizuri, na Ndila alijua sababu, au alidhani anajua. Akamwekea nyama nyingine kwenye sahani.

"Shem, usijiumize," alimwambia. "Uamuzi ulikuwa wangu. Wewe ulifanya vile nilikuomba."

Musili alisema alijisikia vibaya, kwamba pengine angemshauri wangoje. Ndila akamkatiza. Akamwambia hakuna mtu Kenya nzima aliyejua, wakubwa wa benki wenyewe hawakujua, na kwamba yeye analala vizuri, na hilo halina hasara. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa upole wa kweli, kama anavyozungumza mtu na mdogo wake aliyeanguka mtihani. Munyao alimaliza chakula chake kabla ya wote, akasema anakwenda kumtazama ng'ombe, akatoka.

Miezi ikaenda. Matangazo yalitembea bila shida. Mapema Julai vidhibiti vya joto vikakaribia kwisha, na mwagizaji wa Nairobi aliyemuuzia alimwambia kwamba akilipa kwa dola atampunguzia. Ndila akaona hiyo ni nafasi. Kwa hesabu zake zilikuwa zimebaki dola mia tisa kule kwa Musili. Dola sasa zilikuwa rahisi. Angeweza kuchukua mia sita alipie vidhibiti, na matangazo ya miezi iliyobaki ayalipie kwa shilingi, wiki kwa wiki. Akampigia.

Musili akasema sawa, atazitoa kesho. Kesho yake akasema benki mtambo umelala. Baadaye akasema yuko Nairobi kwa mteja, halafu kwamba benki inataka fomu ya kueleza pesa zinakwenda wapi. Kila jibu peke yake lilikuwa la kuaminika. Ndila alimngoja wiki mbili bila kukasirika, akamwambia mwagizaji amvumilie.

Ndipo simu ikanyamaza. Siku nzima ya Jumanne hakuna mteja aliyepiga, na Jumatano asubuhi mmoja tu, aliyekosea namba. Ndila hakuwa na ufunguo wa akaunti ya matangazo, huo alikuwa nao Musili, lakini ukurasa wa biashara ulikuwa wake, na huko alikuta taarifa fupi: tangazo limesimamishwa, malipo yamekataliwa.

Aliisoma mara kadhaa. Kampuni ile hukusanya deni kidogo kidogo. Likifika dola arobaini hivi huikata kadi. Kadi yenye dola mia tisa nyuma yake inakataaje arobaini?

Hakutaka kuwaza vibaya. Alipanda bodaboda akaenda benki, kwa afisa mmoja anayeitwa Ndambuki ambaye alishamsaidia mambo ya mkopo. Hakumtaja Musili. Aliuliza tu kadi ya akaunti ya dola inaweza kukataliwa kwa nini. Ndambuki alimjibu kwamba zipo sababu: labda imeisha muda, labda imefungwa, labda mwenyewe ameiwekea kiwango cha siku. Na bila shaka labda akaunti haina kitu. Ndila akauliza kama mtu anaweza kufikiri kadi yake ni ya dola kumbe si ya dola. Yule afisa akatabasamu. Alisema haiwezekani usijue, maana ikiwa ya dola, dola arobaini zinatoka arobaini. Ikiwa ya shilingi, kila malipo benki inayabadilisha kwa bei ya siku hiyo.

"Mama, kadi ni ya nani?" akauliza.

"Ya mtu wa nyumbani."

"Mwambie akuonyeshe salio kwa simu. Ni jambo la dakika moja."

Ndila alishuka ngazi za benki akijiambia kwamba ni jambo la dakika moja.

Alimkuta Musili ofisini, amevaa shati jipya la kazi, anazungumza na mwenye shule ya udereva. Alikaa kwenye benchi akangoja mpaka yule mzee akaondoka. Kisha hakumsalimu vizuri, na hilo peke yake lilimfanya Musili ainuke kwenye kiti.

"Matangazo yamezimika," Ndila akasema. "Malipo yamekataliwa. Nionyeshe salio la dola."

Musili akaanza na kadi. Alisema kadi ina shida, ameshawaandikia benki. Ndila akamwambia hajauliza kadi, ameuliza salio. Musili aliichukua simu yake, akaiwasha, akaiangalia, akaizima na kuiweka mezani, uso chini. Nje mtu alikuwa akivuta toroli la magunia na magurudumu yalilia ngazi kwa ngazi hadi sauti ikaisha.

"Sikununua," akasema.

Ndila hakuelewa mara moja. Alidhani anasema hakununua zote. Ikabidi Musili arudie, na safari hii akaeleza mpaka mwisho, akitazama mkeka wa kipanya cha kompyuta. Wiki ile ile aliyopewa pesa kulitokea ploti Katelembo, mwenyewe alikuwa na haraka, na malipo ya kwanza yalikuwa laki mbili u nusu. Alifikiri: matangazo hayalipwi kwa siku moja, yanalipwa kidogo kidogo. Shilingi zilizobaki zingelipia miezi ya kwanza, na huku nyuma angekuwa amezirudisha. Akaweka kadi ya kawaida, ya shilingi. Shilingi ilipoinuka akaona Mungu amemwonea huruma, maana sasa zilizobaki zilikwenda mbali zaidi. Hata hivyo ziliisha Mei. Tangu hapo alikuwa akilipia matangazo ya Ndila kwa pesa za duka la simiti, mpaka duka la simiti lilipohama kwa mtu mwingine.

"Lakini matangazo ulipata," akasema. "Mpaka juzi, kila dola ulipata. Na kama ningenunua zile dola, si zingekuwa zimeshuka thamani mkononi? Kwa njia nyingine, Shem, hujapoteza."

Ndila alimtazama. Alitafuta uso wa yule kijana aliyekaa mezani kwake na laptopu, akaukuta. Ulikuwa ule ule.

"Na kama ingeenda mia mbili?"

Musili akaisogeza simu hadi ukingoni mwa meza.

"Nakuuliza. Nilikupa pesa nikiogopa mia mbili. Kama ingeenda huko, ungelipa na nini?"

"Haikuenda."

"Hukujua kwamba haitaenda. Mimi nilikulipa ili nisiogope, na hakukuwa na kitu. Nililala hapo juu ya hakuna kitu." Sauti yake ikashuka. "Na Machi nikakuwekea nyama."

Hapo ndipo Musili, kwa kutaka kujitetea, au kwa kutaka mzigo uwe wa wawili, alipotamka lile lililobaki.

"Usinifanye mimi peke yangu. Munyao ndiye shahidi wa ile ploti. Alijua pesa ni za wapi."

Ndila aliondoka bila kuaga. Alitembea kwa miguu mpaka karakana, njia ambayo si fupi, na Kilonzo alipomwona alimletea kiti.

Alingoja mpaka Ijumaa. Hakumpigia Munyao Kithimani, kwa sababu alitaka kumwona uso. Alipofika alimwacha aweke mkoba, anawe, akae. Kisha akamuuliza kama alitia sahihi kwenye ploti ya Musili.

Munyao hakukana. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumwinulia mkono wala sauti, na alijibu kwa upole ule ule. Alisema Musili alimwambia ni mwezi mmoja, miezi miwili. Alisema ni mdogo wake, na hakuna mwingine ambaye angesimama naye.

"Nilifikiri atarudisha kabla hujajua," akasema. "Sikutaka uwe na mawazo."

"Ulikaa pale mezani," Ndila akasema. "Nikimliwaza. Nikimwambia asijiumize. Wewe ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukaenda kumtazama ng'ombe."

Munyao aliinamisha kichwa. Labda kama angesema neno moja la hasira, Ndila angepata pa kushika.

Wazee wa familia walikaa. Ndila hakwenda polisi. Mama mkwe alimwomba, na yeye mwenyewe hakuwa na nguvu ya kusimama kizimbani na shemeji yake. Musili alikubali kurudisha kile kilichokuwa hakijaliwa na matangazo, kidogo kidogo kila mwezi. Alileta mara mbili, halafu ikaja sababu. Ploti haikuuzwa, ilikuwa kwa jina lake na tayari ameweka msingi. Mkopo wa Sacco Ndila aliendelea kuulipa, na ukuta wa karakana ulibaki pale ulipokuwa, yaani haukuwepo.

Akaunti ya zamani ya matangazo alimwachia Musili. Alifungua mpya kwa jina la biashara, na ilipouliza pesa gani akachagua shilingi ya Kenya. Ilikuwa kama kuanza siku ya kwanza: kila kitu ambacho akaunti ya zamani ilishajifunza kuhusu nani hununua mashine kilipotea, na wiki za mwanzo alilipia simu za watu waliotaka kununua kuku wa kuchoma. Gharama kwa kila mashine ilipita kiwango chake, akasimama akafikiri, akapunguza, akaendelea. Alijua pia kwamba shilingi kwenye akaunti haifuti dola. Wengine wanaotangaza wanalipa kwa dola, na bei yao siku moja itamfikia. Kwa hiyo kikomo alikiweka mwenyewe, kadi ya peke yake aliichukua kwa Ndambuki, na kila Jumatatu alikaa na hesabu zake. Akaunti ndogo ya dola aliifungua pia, kwa ajili ya vidhibiti. Humo aliweka za mwezi mmoja, si zaidi, na salio alilitazama kila asubuhi kabla ya chai, ingawa halikuwa na sababu ya kubadilika.

Usingizi haukurudi kama ule wa Februari.

Jumatatu moja shule zikiwa zimefungwa, Munyao aliingia karakana na chupa ya chai. Alimkuta mkewe kwenye meza ya pembeni, simu mkononi na kalamu sikioni. Akamwaga chai kwenye kikombe, akakisogeza karibu naye, akasimama kama mtu anayengoja kukaribishwa. Akauliza matangazo yanaendeleaje siku hizi.

"Yanaendelea," Ndila akasema.

Aliigeuza simu uso chini juu ya meza, akachukua kikombe, akamshukuru. Munyao alikaa kidogo akimtazama Kilonzo akipiga msumari. Halafu akaondoka na chupa yake, na Ndila akangoja hatua ziishe kabla ya kuigeuza simu tena.